Painti Mbili: Jinsi Bia na Mvinyo Vilivyoigawa Galoni

Painti ya Uingereza ina mililita 568.26. Painti ya Marekani, ile ya vimiminika, ina mililita 473.18. Zote mbili huitwa painti, zote ni sehemu ya nane ya galoni, na zote zilitoka London, lakini moja inaizidi nyingine kwa mililita 95, karibu theluthi moja ya soda ya chupa. Watu wengi hudhani kwamba Wamarekani, walipojitenga na mfalme wa Uingereza, walijitengenezea painti yao ndogo. Ukweli ni kinyume chake. Painti ya Marekani ndiyo ya zamani. Ni painti ya Kiingereza ya mvinyo, iliyowekwa kisheria enzi za Malkia Anne na kubaki ng'ambo ya bahari hata Uingereza yenyewe ilipoiacha. Iliyobadilika ni ya Uingereza, na ilibadilika karibu miaka 50 baada ya makoloni ya Amerika kujitangazia uhuru.

Kabla ya 1700: kila kinywaji na galoni yake

Mkataba wa Magna Carta wa 1215 uliagiza kwamba ufalme wote uwe na kipimo kimoja cha mvinyo, kimoja cha bia na kimoja cha nafaka. Agizo hilo linaweza kusomeka kana kwamba kipimo ni kimoja kwa bidhaa zote tatu, au kwamba kila bidhaa ina chake lakini kiwe kilekile nchi nzima. Wafanyabiashara waliishi kwa tafsiri ya pili. Kufikia karne ya 17, Uingereza ilikuwa na galoni tatu zilizokuwa zikitumika kwa wakati mmoja, na hivyo painti tatu.

Ya kwanza ilikuwa galoni ya mvinyo, ya inchi za ujazo 231. Ya pili ilikuwa galoni ya bia, ya inchi za ujazo 282. Katikati ilikuwepo galoni ya nafaka, iliyofuata vipimo vya mji wa Winchester, ambayo ilikaribia inchi 269. Ukizigeuza painti zake kwa mililita za leo, painti ya mvinyo inatoka 473, ya nafaka 551, na ya bia 578. Kwa hiyo mtu aliyeingia katika kilabu cha London na kuagiza painti ya bia, kisha akaagiza painti ya mvinyo, alipewa vyombo viwili visivyolingana, na hakuna aliyemdhulumu.

Maziwa yalifuata bia. Muuza maziwa alitumia kipimo kikubwa, na desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na wahamiaji: vitabu vya hesabu vya shule za Marekani vya karne ya 19 vilikuwa bado na jedwali la kipimo cha bia, likiwa na maelezo kwamba ndicho kinachotumika pia kwa maziwa.

Mfumo wa namna hii hauonekani kuwa na kasoro kwa mnywaji, maana anajua anachoagiza. Kasoro yake huonekana pale serikali inapodai ushuru kwa kila galoni. Hapo swali la galoni ipi linakuwa swali la fedha.

1688–1707: mvinyo wa Alicante na sheria ya Malkia Anne

Maofisa wa ushuru wa Uingereza walikuwa wakihesabu mvinyo kwa galoni ya inchi 231 kwa mazoea tu. Mwaka 1688 chombo cha kielelezo cha mvinyo kilichohifadhiwa katika ukumbi wa jiji la London kilipimwa kwa uangalifu, na kikakutwa kina inchi 224 tu. Galoni ambayo wote waliamini kuwa ni 231 haikuwa hivyo hata katika chombo chake. Viongozi waliamua kuendelea na 231, kwa sababu biashara na hesabu zote za ushuru zilikuwa zimeshajengwa juu yake.

Uamuzi huo uliacha mlango wazi, na mwaka 1700 mfanyabiashara mmoja aliyeingiza mvinyo wa Alicante kutoka Hispania aliupitia. Aliposhitakiwa kwa kulipa ushuru pungufu, utetezi wake ulikuwa rahisi: sheria zinataka vipimo vifuate vielelezo vya Hazina ya mfalme, na katika Hazina hakuna galoni ya inchi 231, iliyopo ni ile kubwa, ya inchi 282 hivi. Yeye amelipa kwa hiyo.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini serikali ilishtuka. Pipa kubwa la mvinyo lilihesabiwa kuwa galoni 126. Zidisha 126 kwa 231, unapata inchi za ujazo 29,106. Gawanya inchi hizo kwa 282, zinatoka galoni 103 na kitu. Mvinyo ni uleule, pipa ni lilelile, lakini galoni 23 za kutozwa ushuru zimetoweka. Kesi ikaachwa njiani, kwa kuwa upande wa serikali haukuwa na sheria ya kusimamia, na Bunge likaombwa kuitunga.

Sheria hiyo ilianza kutumika 1707. Haikuishia kutaja namba, bali ilieleza chombo ambacho fundi yeyote angeweza kukitengeneza: chombo cha mviringo, chenye kitako bapa, kipenyo chake inchi 7 na kina chake inchi 6. Kwa wakati ule ilikuwa kawaida kuchukua 22 chini ya 7 kuwa uwiano wa mzingo na kipenyo cha duara. Nusu ya 7 ni 3.5, ikizidishwa yenyewe ni 12.25, mara 22 chini ya 7 ni 38.5, mara kina cha 6 ni 231 kamili. Uzuri wa hesabu hiyo ndio ulioifanya namba 231 idumu. Sehemu yake ya nane, inchi 28.875, ndiyo painti ambayo Marekani inaitumia hadi leo.

Galoni ya bia ya inchi 282 haikuguswa. Bia ilikuwa na sheria yake ya miaka michache nyuma, iliyowataka wenye vilabu wauze kwa vyombo vilivyopigwa mhuri. Nafaka nayo iliendelea na vipimo vya Winchester. Hivyo makoloni ya Amerika yalikuwa yanakua wakati Uingereza yenyewe ina galoni tatu halali, na yalizirithi zote.

1776–1821: nchi mpya, vipimo vya zamani

Katiba ya Marekani ililipa Bunge la nchi hiyo uwezo wa kuweka vipimo vya pamoja. Mwaka 1790 Thomas Jefferson, akiwa waziri wa mambo ya nje, aliwasilisha mapendekezo. Aliona kwamba galoni nyingi ni kero, akashauri zifutwe zote na iwekwe moja ya inchi za ujazo 270, ambayo ingekaa katikati ya zilizokuwepo. Lau Bunge lingemsikiliza, painti ya Marekani leo ingekuwa na mililita 553, na ingetofautiana na ya Uingereza kwa mililita 15 tu. Bunge halikuchukua hatua.

Miaka 30 baadaye swali lilirudi mikononi mwa John Quincy Adams, naye pia akiwa waziri wa mambo ya nje. Ripoti yake ya 1821 ni kazi ya kina ajabu. Alifukua historia ya vipimo vya Kiingereza hadi ile kesi ya mvinyo wa Alicante. Lakini baada ya uchunguzi wote huo, ushauri wake ulikuwa wa tahadhari: vipimo vilivyopo visibadilishwe kwa wakati ule, bali vifanywe kuwa sawa kila jimbo. Adams alijua kwamba huko London nako kulikuwa na tume inayofikiria mageuzi. Hakuna nchi iliyoisubiri nyingine.

1824: London yaanza upya

Tume ya Uingereza ilikuwa na watu wazito wa sayansi, miongoni mwao Thomas Young, William Hyde Wollaston na Henry Kater, aliyesifika kwa majaribio yake ya bembea za kupimia mvutano wa dunia. Tatizo walilokabidhiwa lilikuwa la kiufundi kuliko la kisiasa: galoni hufahamika kwa inchi za ujazo, lakini kupima kwa rula nafasi iliyo ndani ya chombo ni kazi ngumu na yenye makosa mengi. Chombo cha shaba hakiwi mviringo kamili, kitako hakiwi bapa kabisa, na kosa dogo la kipenyo hukua linapozidishwa lenyewe. Aibu ya 1688, ya chombo kuwa na 224 badala ya 231, haikuwa ajali ya mara moja.

Kupima uzito, kwa upande mwingine, kulikuwa kumefikia usahihi mkubwa. Kwa hiyo tume ilipendekeza galoni isielezwe kwa inchi bali kwa maji. Sheria ya Mizani na Vipimo ya 1824 ikasema: galoni moja ni nafasi inayojazwa na ratili 10 za maji yaliyotoneshwa, yakipimwa hewani, kwenye joto la nyuzi 62 za Farenhaiti, kipimahewa kikiwa kwenye inchi 30. Mkaguzi wa vipimo hakuhitaji tena rula. Alihitaji mizani nzuri, kipimajoto na maji safi.

Namba 10 ilichaguliwa kwa sababu mbili zilizokutana. Kwanza, maji ya ratili 10 hujaza nafasi iliyopo kati ya galoni ya nafaka na galoni ya bia, kwa hiyo wauza nafaka na wauza bia hawangelazimika kubadilisha sana vyombo vyao. Pili, ni namba nyepesi ya kugawanya: ratili 10 ni aunsi 160, na painti, ikiwa sehemu ya nane, inabeba maji ya aunsi 20 bila baki. Ratili moja ilikuwa na chembe 7,000 za uzito, na kwa vipimo vya wakati ule inchi moja ya ujazo wa maji ilikuwa na chembe 252.458. Ukigawanya 70,000 kwa namba hiyo unapata inchi 277.274, na ndivyo sheria ilivyoandika. Baadaye ilionekana kwamba uzito wa ile inchi ya maji ulikuwa umekosewa kidogo na kwamba galoni hiyo kwa kweli inakaribia inchi 277.42. Tofauti kwa painti moja haifiki hata theluthi moja ya mililita, na wala haikuibadilisha painti yenyewe, kwa kuwa kilichoshika sheria ni uzito wa maji. Iliyokosewa ilikuwa namba ya inchi tu.

Galoni mpya iliitwa galoni ya himaya, na ilianza kazi rasmi mwezi Januari 1826. Zile tatu za zamani zikafutwa kwa pamoja. Kwa mnywaji wa bia, painti ilipungua kutoka mililita 578 hadi 568, kiasi ambacho hakitofautiani sana na vijiko viwili vya chai. Kwa mnywaji wa mvinyo iliongezeka kwa karibu sehemu moja kati ya tano. Wenye maghala walikariri njia ya mkato: galoni 6 za zamani za mvinyo ni galoni 5 za himaya. Njia hiyo ina kosa dogo sana, na inafaa hadi leo kwa anayegeuza galoni za Marekani kuwa za Uingereza.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Uingereza ilichukua galoni iliyo jirani na ile ya bia. Marekani, ambayo haikuwa chini ya sheria hiyo, ilibaki na zote tatu kwa miaka michache zaidi.

1830–1836: nyumba za forodha za Marekani

Kilichoilazimisha Marekani kuchagua kilikuwa tena ushuru. Katiba yake inataka ushuru wa forodha uwe sawa nchi nzima, na mwaka 1830 Baraza la Seneti liliagiza vipimo vya bandarini vilinganishwe. Kazi hiyo ilipewa Ferdinand Rudolph Hassler, mzaliwa wa Uswisi aliyewahi kuongoza upimaji wa pwani ya Marekani. Hassler alikusanya vyombo na mizani ya nyumba za forodha, akakuta kwamba vilivyopaswa kuwa sawa havikuwa sawa. Kiwango kilekile cha bidhaa kingeweza kulipiwa zaidi katika bandari moja kuliko nyingine.

Hassler hakupewa kazi ya kubuni. Alitakiwa kuchukua kilichokuwa kikitumika na kukifanya kiwe kimoja. Bidhaa za majimaji zilizopita forodhani na kutozwa ushuru mkubwa zilikuwa mvinyo, pombe kali na molasi, na zote zilipimwa kwa galoni ya Malkia Anne. Bia haikuwa na uzito huo forodhani. Ilipikwa na kunywewa humohumo nchini. Kwa hiyo mwaka 1832 Wizara ya Fedha iliidhinisha galoni ya inchi za ujazo 231 kwa vimiminika vyote, na vipimo vya Winchester kwa nafaka na vitu vikavu. Mwaka 1836 Bunge likaagiza kila jimbo lipewe seti kamili ya vielelezo vilivyotengenezwa kwa kufuata uamuzi huo, na majimbo yakavipokea moja baada ya jingine.

Matokeo yake yana kejeli ndani yake. Mmarekani anapoagiza painti ya bia leo, anapimiwa kwa kipimo kilichotungwa kwa ajili ya kutoza ushuru wa mvinyo, huku kipimo cha bia ambacho babu zake walikuja nacho kikiwa kimesahauliwa. Na kwa kuwa vipimo vya Winchester vilibaki, nchi hiyo ina painti ya pili, painti kavu ya mililita 551, ambayo bado hutumika kuuzia matunda madogomadogo sokoni. Mtu anayegeuza maziwa kwa mililita asiiguse hiyo. Uingereza baada ya 1824 haikuwa na mgawanyiko huo. Galoni yake ilitumika kwa vimiminika na kwa nafaka pia.

1836: aunsi nazo zageuka

Mgongano mwingine ulizaliwa kwa wauza dawa. Kabla ya mageuzi, painti yao ilikuwa ile ya mvinyo, na waliigawa katika aunsi 16 za ujazo. Marekani ilibaki hivyo. Uingereza, kitabu rasmi cha dawa cha London kilipoikubali painti mpya mwaka 1836, iliigawa katika aunsi 20, ili kila aunsi ya ujazo wa maji iwe na uzito wa aunsi moja.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Painti ya Uingereza ni kubwa kuliko ya Marekani, lakini aunsi yake ya ujazo ni ndogo: mililita 28.41 dhidi ya 29.57. Kwa hiyo haiwezekani kutoka painti moja kwenda nyingine kwa kuongeza aunsi nne na kudhani hesabu imekwisha. Aunsi 20 za Marekani ni mililita 591, ambazo si painti ya mtu yeyote. Glasi inayouzwa Marekani kwa jina la painti ya Kiingereza huenda ikawa imetengenezwa kwa aunsi 20 za huko, ikamzidishia mnywaji mililita 23.

1959–1995: mililita zaingia

Namba zinazotumika leo kugeuza painti hazitokani tena na maji wala na chombo cha shaba. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa zinazotumia Kiingereza zilikubaliana kwamba inchi ni milimita 25.4 kamili. Inchi moja ya ujazo ikawa mililita 16.387064, na painti ya Marekani, yenye inchi 28.875, ikawa mililita 473.176473 bila kukadiria. Uingereza ilifika huko kwa njia nyingine: Sheria ya Mizani na Vipimo ya 1985 iliitaja galoni moja kwa moja kuwa lita 4.54609, na ukigawanya kwa 8 unapata mililita 568.26125. Kwa maneno mengine, painti zote mbili siku hizi ni watoto wa lita, ingawa hakuna hata moja iliyozaliwa nayo.

Nchi zilizotawaliwa na Uingereza zilipokea galoni ya himaya. Afrika Mashariki debe lilihesabiwa kuwa galoni 4, yaani lita 18.2, na mwenye kulisoma kwa galoni za Marekani angepata lita 15 tu. Baada ya uhuru Kenya, Uganda na Tanzania zilihamia lita, na painti ikatoka sokoni. Pakiti ya maziwa ya mililita 500, au chupa ya bia ya ukubwa huohuo, si painti ya upande wowote: inapungukiwa na mililita 68 kuifikia ya Uingereza, na inaizidi ya Marekani kwa 27.

Uingereza nayo ilihamisha bidhaa nyingi kwenye lita, lakini sheria zilizoanza kutumika 1995 ziliacha painti kwa bia na saida zinazotoka kwenye bomba la baa, na kwa maziwa yanayouzwa katika chupa za kurudishwa. Ndiyo maana bia na maziwa ndivyo vinavyotajwa zaidi mtu anapouliza painti ni mililita ngapi.

Kugeuza bila kukosea

Kazi yenyewe ni kuzidisha tu: painti za Uingereza mara 568, za Marekani mara 473. Kwa kichwa, painti 7 za Uingereza ni karibu lita 4, na painti ya Marekani ni nusu lita iliyopunguzwa asilimia 5. Ugumu uko katika kujua ni painti ipi iliyoandikwa.

Chukua pishi la kastadi ya maziwa na mayai linalotaka painti 3 za maziwa. Kama limeandikwa Marekani, maziwa ni mililita 1,420. Mpishi akilisoma kwa painti ya Uingereza atamimina 1,705, na mililita 285 zitakuwa za ziada, nusu painti nzima ya Kiingereza. Mayai hayabadiliki kwa nchi, kwa hiyo idadi ileile ya mayai italazimika kugandisha maziwa yaliyozidi kwa asilimia 20. Kastadi itatoka ovenini ikiwa inatikisika kama uji mwepesi, na hata ikirudishwa motoni itajitenga maji kabla ya kushikana. Kosa la upande wa pili, la kupima pishi la Kiingereza kwa painti ya Marekani, hutoa kastadi ngumu yenye ladha kali ya mayai.

Maandishi yenyewe huwa na dalili. Pishi likitaja vikombe, na painti ikawa vikombe viwili, ni la Marekani, kwa kuwa kikombe chao cha kupimia ni mililita 237. Painti ya aunsi 16 ni ya Marekani, ya aunsi 20 ni ya Uingereza. Lebo za maziwa husema wazi zaidi: 568 ml, 1.136 L na 2.272 L ni painti moja, mbili na nne za Uingereza, ilhali 473 ml na 946 ml ni za Marekani. Kitabu cha Kiingereza kilichochapwa kabla ya 1826 kinahitaji uangalifu wa pekee. Ingawa ni cha London, painti yake ya mvinyo ni ile ndogo ya 473, na painti yake ya bia au maziwa yaweza kuwa 578. Hakuna hata moja kati ya hizo inayolingana na painti ya Uingereza ya leo.

Chombo kisicho na maandishi hupimwa kwa njia ileile ya tume ya 1824. Weka glasi tupu juu ya mizani ya jikoni, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha jaza maji ya kawaida. Glasi ya painti ya Uingereza itasoma karibu gramu 567, ya Marekani karibu 472. Maziwa hayafai kwa jaribio hili bila kurekebisha, kwa kuwa ni mazito kuliko maji kwa karibu asilimia 3. Painti ya Uingereza ya maziwa ina uzito wa gramu 585 hivi.

Kwa bia kuna tatizo ambalo maziwa hayana, nalo ni povu. Uingereza glasi za baa ni za aina mbili. Ile yenye mstari ina nafasi juu ya mstari huo, na kimiminika kikifika hapo ni 568 bila kujali povu lililo juu. Ile ya kujazwa hadi ukingoni ina 568 kwa jumla, kwa hiyo kila povu linakula sehemu ya bia. Mwongozo wa wenye viwanda vya bia unataka kimiminika kisipungue asilimia 95, yaani mililita 540, na mteja akiomba aongezewe basi aongezewe. Sheria huruhusu pia nusu, theluthi moja, na tangu 2011 theluthi mbili za painti, ambazo ni mililita 284, 189 na 379.

Marekani hakuna ulinzi wa namna hiyo kwa nchi nzima. Glasi nene ya kawaida ya baa hubeba aunsi 16 ikiwa imejaa hadi ukingo, hivyo bia yenye povu haifiki 473. Baadhi ya baa hutumia glasi inayofanana nayo kwa umbo lakini yenye kitako kinene zaidi, inayobeba aunsi 14, yaani mililita 414. Kwa macho hazitofautishiki kirahisi. Maji na mizani huzitenganisha.